Kati ya Nani? Namna ya Kulikabili Jedwali la Mbili kwa Mbili

Chukua swali hili, ambalo kwa sura moja au nyingine hukutana nalo kila anayesomea uganga, uuguzi, maabara au afya ya jamii.

Watu 400 wenye homa walifika kituo cha afya. Kila mmoja alipimwa malaria kwa kipimo cha haraka, na kila mmoja alitolewa damu ya kuangaliwa kwa hadubini. Hadubini ilikuta vimelea kwa watu 100. Kati ya hao 100, kipimo cha haraka kilitoa jibu chanya kwa 95. Kati ya wale 300 ambao hadubini haikuwakuta na vimelea, kipimo cha haraka kilitoa chanya kwa 30. Tafuta sensitiviti ya kipimo cha haraka, spesifisiti yake, na uwezekano kwamba mtu aliyepata jibu chanya ana malaria kweli.

Hesabu yenyewe ni ya kugawanya tu, na namba ni za mviringo. Wanaolikosa swali hili hawakosi kwa kushindwa kugawanya. Wanakosa kwa sababu wanagawanya kwa namba isiyohusika. Tazama namba 95: inaingia katika jibu la kwanza na inaingia katika jibu la tatu. Mara moja inagawanywa kwa 100, mara nyingine kwa 125, na majibu mawili yanayotoka hayana undugu. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio utakaonishughulisha hadi mwisho wa makala hii, ni kwamba kabla hujagusa kikokotoo, andika pembeni ya kila kipengele cha swali maneno matatu: kati ya nani? Ukishamtambua anayekaa chini kwenye sehemu, yaani asili, kiasi cha juu hujileta chenyewe.

Sasa tuchore jedwali. Anza na vichwa vya jedwali kabla ya namba yoyote. Juu weka hali halisi ya mtu kama ilivyoamuliwa na kipimo rejea, ambacho hapa ni hadubini. Pembeni weka jibu la kipimo kinachochunguzwa. Halafu usijaze visanduku vya ndani kwanza. Jaza jumla kuu, 400, kisha jumla za chini, 100 na 300, kwa sababu hizo swali limekupa waziwazi. Ndipo uingize 95 na 30. Visanduku viwili vilivyobaki hupatikana kwa kutoa: 100 toa 95 ni 5, na 300 toa 30 ni 270. Mwisho kabisa jumlisha kwa mlalo.

```
                 Ana vimelea   Hana vimelea   Jumla
Kipimo chanya         95             30         125
Kipimo hasi            5            270         275
Jumla                100            300         400
```

Jumla za pembeni, 125 na 275, zijumlishe. Zikitoa 400, jedwali limekaa sawa. Zisipotoa 400, umeteleza mahali, na ni nafuu kuligundua sasa kuliko baada ya kujaza ukurasa mzima.

Sensitiviti inauliza: kati ya walio na ugonjwa, kipimo kimewakamata wangapi? Walio na ugonjwa ni 100, waliokamatwa ni 95, basi ni asilimia 95. Spesifisiti inauliza: kati ya wasio na ugonjwa, kipimo kimewaacha wangapi bila kuwasingizia? Wasio na ugonjwa ni 300, walioachwa ni 270, basi ni asilimia 90. Maswali haya mawili yote husomwa kwa kushuka, ndani ya safu wima moja moja. Swali la tatu husomwa kwa mlalo: kati ya waliopata jibu chanya, ni wangapi wana vimelea kweli? Waliopata chanya ni 125, wenye vimelea kati yao ni 95, nayo ni asilimia 76; huo ndio uthabiti wa jibu chanya. Na swali likiendelea kuuliza upande wa pili, kwamba mwenye jibu hasi ana uwezekano gani wa kuwa mzima, yaani uthabiti wa jibu hasi, unachukua 270 kati ya 275, ambayo ni asilimia 98 na kidogo.

Jibu lako liandike kwa sentensi nzima, usiache asilimia ikining'inia peke yake. "Kati ya watu 100 wenye vimelea, kipimo cha haraka kiliwatambua 95." Sentensi ya namna hii inakulazimisha kumtaja anayekaa chini, na msahihishaji anaona kwamba umeelewa hata kama ulikosea kunakili namba. Mwanafunzi akiandika ubaoni "sensitiviti ni asilimia 76", nikamwomba aitamke kwa sentensi nzima, mara nyingi hunyamaza katikati. Ameanza na "kati ya watu 125 waliopata chanya", na hapo mwenyewe anasikia kwamba sensitiviti haianzi na waliopata chanya.

Kuna waliokariri herufi: a juu kushoto, b juu kulia, c chini kushoto, d chini kulia, na fomula zake zote. Herufi hizo husaidia hadi siku mtunga swali atakapolizungusha jedwali, akaweka jibu la kipimo juu na hali ya ugonjwa pembeni. Wapo waandishi wa vitabu wanaofanya hivyo, na hawajakosea. Aliyekariri herufi atagawanya a kwa jumla ya a na c kama alivyozoea, na atapata namba safi kabisa ya kitu ambacho hakikuulizwa. Anayeuliza "kati ya nani" hasumbuki, maana wagonjwa ni wagonjwa hata wakilazwa kwa mlalo.

Hebu tukae kidogo na wale watu 30 waliopata chanya ilhali hadubini haikuona kitu, kwa kuwa mtihani mzuri huuliza pia kwa nini. Vipimo vingi vya haraka vya malaria tunavyotumia hutafuta protini iitwayo HRP2, ambayo hutolewa na kimelea cha falsiparum. Mtu akimeza dawa na vimelea vikafa, protini hiyo hubaki ikizunguka kwenye damu kwa majuma kadhaa. Mtoto aliyetibiwa malaria vizuri majuma mawili yaliyopita, leo akaja na homa ya mafua, anaweza kuonyesha mstari mwekundu kwenye kipimo bila kuwa na kimelea hata kimoja kilicho hai. Huyo ni mmoja wa wale 30. Mwingine ni yule ambaye kipimo chake kilisahaulika mezani na kusomwa baada ya muda ulioandikwa kwenye kijikaratasi cha maelekezo, kwani mstari wa uongo unaweza kujitokeza kipimo kikisha kukauka. Kosa la upande wa pili ni kusoma mapema mno, kabla damu haijapanda vya kutosha, na hapo mgonjwa huhesabiwa kuwa hasi. Mstari hafifu uliojitokeza ndani ya muda ni chanya. Tena kipimo ambacho hakikutoa mstari wa C, ule wa kuthibitisha kwamba kimefanya kazi, hakina kisanduku katika jedwali lako: si chanya wala si hasi. Kirudiwe kwa kipimo kipya, na swali likisema baadhi ya vipimo vilikuwa batili, watoe watu hao kwenye hesabu na useme kwamba umewatoa.

Lakini baadhi ya wale 30 yawezekana wanaumwa kweli. Hadubini nayo ni macho ya binadamu, na vimelea vikiwa vichache sana kwenye damu, hata mtaalamu mzuri huvikosa. Kila mgonjwa ambaye kipimo rejea kimemkosa huhamishiwa kwenye safu ya wasio na ugonjwa, na kipimo cha haraka kikimgundua kinaandikiwa kosa. Kwenye mtihani unafuata kipimo rejea kama swali linavyosema, bila ubishi. Swali likiuliza udhaifu wa utafiti, hapo ndipo pa kuliandika hili: spesifisiti ya asilimia 90 imepimwa dhidi ya hadubini, na hadubini yenyewe si kamili.

Twende kwenye swali linaloumiza wengi. Kipimo ni kilekile, sensitiviti asilimia 95 na spesifisiti asilimia 90. Sasa kinapelekwa nyanda za juu zenye baridi, ambako malaria ni adimu, na watu 10,000 wanapimwa. Tuseme asilimia 1 tu kati yao wana vimelea. Mtu aliyepata chanya huko ana uwezekano gani wa kuwa na malaria?

Hapa usitafute fomula. Chora jedwali lingine. Jumla kuu ni 10,000. Asilimia 1 ni watu 100, basi wasio na vimelea ni 9,900. Kati ya wale 100, kipimo kinakamata 95 na kuwakosa 5. Kati ya 9,900, kinawaacha salama asilimia 90, yaani 8,910, na kuwasingizia 990.

```
                 Ana vimelea   Hana vimelea    Jumla
Kipimo chanya         95            990        1,085
Kipimo hasi            5          8,910        8,915
Jumla                100          9,900       10,000
```

Kati ya watu 1,085 waliopata chanya, wenye vimelea ni 95. Hiyo haifiki hata asilimia 9. Kule kituoni ilikuwa asilimia 76. Kipimo hakikuharibika njiani na mhudumu hakuzembea. Kilichobadilika ni kundi la watu waliopimwa. Wazima wamekuwa wengi mno, na sehemu ndogo ya wengi imezidi sehemu kubwa ya wachache. Mgawanyo ndani ya safu wima haukuguswa, ndiyo maana sensitiviti na spesifisiti zimebaki palepale. Kilichosogea ni uzito wa safu moja dhidi ya nyingine, nao huonekana ukisoma kwa mlalo. Ukikutana na swali la kuchagua linalosema "prevalensi ikishuka, nini kitabadilika?", usikumbuke jibu la kukariri. Jiulize ni kipi kinachosomwa kwa mlalo. Uthabiti wa jibu chanya utashuka, uthabiti wa jibu hasi utapanda, na vile viwili vya kushuka kwa wima vitatulia.

Tumeshaitaja prevalensi, na swali la kati ya nani linaifuata huko pia. Prevalensi ni walio na ugonjwa kwa wakati fulani, wapya na wa zamani pamoja, kati ya watu wote waliopo wakati huo. Katika jedwali la kwanza ni 100 kati ya 400, asilimia 25. Tahadhari: si 125 kati ya 400. Mia moja na ishirini na tano ni waliopata jibu chanya, na mtunga swali anajua kwamba utavutwa na namba hiyo. Tena sema prevalensi ya nani. Asilimia 25 hii ni ya watu wenye homa waliokuja kituoni. Haisemi chochote kuhusu kijiji kizima, ambako wengi hawana homa na hawakutoka nyumbani.

Insidensi ni kitu kingine. Inahesabu wanaoingia kwenye ugonjwa katika kipindi fulani, kati ya wale tu ambao mwanzoni walikuwa na uwezekano wa kuingia. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayosahauliwa. Chukua swali hili: kijiji kina watu wazima 2,000. Tarehe 1 Januari, watu 100 kati yao wanaishi na VVU. Katika mwaka, watu wazima 19 wengine wanaambukizwa. Watu 10 wenye VVU wanafariki. Hakuna kifo kingine, hakuna aliyehama wala kuhamia. Tafuta prevalensi ya mwanzo wa mwaka, insidensi ya mwaka, na prevalensi ya mwisho wa mwaka.

Prevalensi ya mwanzo ni 100 kati ya 2,000, asilimia 5. Kwa insidensi, kiasi ni 19, lakini chini hatuweki 2,000. Wale 100 wameshaambukizwa, hawawezi kuwa wapya tena, hivyo wanatoka. Wanabaki 1,900. Kumi na tisa kati ya 1,900 ni asilimia 1, au wapya 10 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka. Usiache neno "kwa mwaka". Insidensi bila muda haina maana, kwa sababu visa 19 kwa mwezi na visa 19 kwa mwaka ni hali mbili tofauti kabisa.

Prevalensi ya mwisho huwakwaza hata walio makini. Juu tunaweka wanaoishi na VVU tarehe 31 Desemba: 100 jumlisha 19 toa 10, sawa na 109. Chini tunaweka walio hai siku hiyo: 2,000 toa 10, sawa na 1,990. Waliofariki wanatoka juu na wanatoka chini pia. Jibu ni asilimia 5.5 hivi.

Swali likitaka insidensi kwa miaka-mtu, maana yake ni kwamba kila mtu anahesabiwa kwa muda aliokaa katika hatari. Wale 1,881 ambao hawakuambukizwa walikaa mwaka mzima kila mmoja. Wale 19 hatujui tarehe zao, hivyo desturi ni kuwapa nusu mwaka kila mmoja, jumla miaka 9.5. Asili inakuwa miaka-mtu 1,890.5, na jibu linasogea kidogo sana, kutoka 10 hadi 10.05 kwa kila miaka-mtu 1,000. Ugonjwa ukiwa adimu, njia mbili hizi hukaribiana. Ukiwa wa kawaida mno, au watu wakihamahama, zinaachana, na miaka-mtu ndiyo ya kuaminiwa.

Malaria inaleta jambo jingine. Mtoto mmoja anaweza kuugua mara tatu kwa mwaka. Je, ni kisa kimoja au vitatu? Inategemea swali linahesabu nini: watoto waliougua angalau mara moja, au vipindi vya ugonjwa. Ukihesabu vipindi, insidensi inaweza kuvuka 1,000 kwa kila watoto 1,000 kwa mwaka, na hujakosea. Ukihesabu watoto, haiwezi kuvuka. Soma swali mara mbili hapa, na kama halikusema, andika wewe umechagua lipi.

Nimechagua VVU kwa mfano wa kijiji kwa sababu ndiyo inayoonyesha waziwazi uhusiano wa vitu hivi viwili. Ugonjwa ukiwa umetulia, prevalensi inakaribiana na insidensi ikizidishwa kwa muda ambao mtu huishi na ugonjwa. Tanzania ilianza mpango wa taifa wa kutoa dawa za kufubaza virusi mwaka 2004. Dawa hizo huurefusha ule muda, kwa maana watu hawafi mapema kama zamani. Rudi kwenye kijiji chetu: tuseme dawa zimefika, maambukizi mapya yameshuka kutoka 19 hadi 10, na vifo vimeshuka kutoka 10 hadi 2. Mwisho wa mwaka wanaoishi na VVU ni 108 kati ya 1,998, asilimia 5.4. Prevalensi imepanda kutoka asilimia 5 ya mwanzo wa mwaka, katika mwaka ambao maambukizi mapya yamepungua karibu nusu. Ukiulizwa kama mpango umeshindwa kwa kuwa prevalensi imepanda, jibu ni hapana. Prevalensi imepanda kwa sababu watu wamebaki hai. Kinachoonyesha kama ugonjwa unasambaa au la ni insidensi. Mafua ya siku chache ni kinyume chake: huwapata wengi kwa mwaka, lakini ukipita mlango kwa mlango siku moja utawakuta wachache, kwa maana wanapona haraka.

Nirudi kwenye jedwali, kwa mitego miwili inayohusu jinsi watu walivyopatikana. Huu ndio upande ambako maswali magumu hutungwa, na ndio ninaotaka ukae nao muda mrefu zaidi.

Mtego wa kwanza. Swali linasema: "Watafiti walichagua wagonjwa 100 waliothibitishwa kuwa na malaria na wazima 100 wasio nayo. Kipimo kilikuwa chanya kwa wagonjwa 95 na kwa wazima 10." Ukichora jedwali unapata waliopata chanya 105, na ukisoma kwa mlalo unapata 95 kati ya 105, zaidi ya asilimia 90. Namba nzuri, lakini haina mtu nyuma yake. Wagonjwa na wazima hapa hawakuja kwa idadi yao ya kawaida. Mtafiti ndiye aliyeamua wawe 100 kwa 100. Angeamua wazima wawe 1,000, namba hiyo ingeshuka mara moja hadi chini ya asilimia 50, kipimo kikiwa kilekile. Katika jedwali la namna hii unaruhusiwa kusoma kwa wima tu. Sensitiviti ni asilimia 95, spesifisiti ni asilimia 90, na prevalensi ya asilimia 50 unayoiona chini si prevalensi ya mahali popote. Swali likikutaka uthabiti wa jibu chanya, dai prevalensi ya kituo au eneo husika, kisha jenga jedwali jipya kama tulivyofanya kwa watu 10,000. Dalili ya mtego huu ni maneno kama "walichaguliwa wagonjwa kadhaa na wazima kadhaa", au jumla za chini zilizo mviringo na sawa kupita kiasi.

Mtego wa pili unafanana na hali halisi ya kituo chenye maabara iliyozidiwa na kazi. "Watu 400 walipimwa kwa kipimo cha haraka. Wote waliopata chanya, 125, walipelekwa kwenye hadubini, na 95 wakakutwa na vimelea. Waliopata hasi waliruhusiwa kwenda nyumbani." Tafuta sensitiviti. Hapa uliza kati ya nani, na utaona kwamba huna jibu. Sensitiviti inahitaji wagonjwa wote chini, na wagonjwa waliopata hasi wameondoka bila kuhesabiwa. Katika swali la mwanzo tulijua ni 5 kwa sababu kila mtu alipita kwenye hadubini. Hapa huenda ni 5, huenda ni 40. Kinachoweza kupatikana ni kile cha mlalo wa juu tu, 95 kati ya 125. Jibu sahihi ni kuandika kwamba sensitiviti haiwezi kukokotolewa, kisha kusema kwa nini. Wako wanaoona aibu kuandika hivyo kwenye karatasi ya mtihani, wakajaza sifuri kwenye kisanduku kilicho tupu na kupata sensitiviti ya asilimia 100. Kisanduku ambacho hakikupimwa si sifuri. Kiachie alama ya kuuliza, na ujue kwamba kila hesabu inayopita kwenye kisanduku hicho imefungwa.

Limebaki swali la kupima mara mbili. Tumeona kwamba mahali penye ugonjwa mchache, kati ya watu 1,085 waliopata chanya, 990 wamesingiziwa. Njia ya kawaida ni kuwapima tena waliopata chanya kwa kipimo cha pili. Tuseme cha pili kina sensitiviti asilimia 100 na spesifisiti asilimia 99. Wanaoingia kwenye jedwali la pili si 10,000 tena, ni wale 1,085, na prevalensi miongoni mwao ni karibu asilimia 9. Wagonjwa 95 wote wanabaki chanya. Kati ya wasingiziwa 990, asilimia 1 tu wanasingiziwa tena, watu 10 hivi. Sasa chanya ni 105, wagonjwa wakiwa 95 kati yao, na uthabiti umepanda hadi asilimia 90. Wale wagonjwa 5 waliokosewa na kipimo cha kwanza hawakurudi. Kupima kwa mfululizo kunaongeza spesifisiti ya utaratibu mzima na hakuwezi kuiongeza sensitiviti.

Hesabu ya namna hii ndiyo iliyo nyuma ya taratibu za upimaji wa VVU. Kadiri watu wengi walivyokwisha kutambuliwa na kuanza dawa, waliobaki kupimwa wamekuwa na maambukizi machache zaidi, na chanya za uongo zimechukua sehemu kubwa zaidi ya chanya zote. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi zote zitumie majibu chanya matatu mfululizo kabla ya kumwambia mtu kwamba ana VVU, ilhali hapo awali nchi zenye maambukizi mengi zilitosheka na mawili. Ukiulizwa kwa nini sheria ilibadilika, jibu liko kwenye jedwali la watu 10,000.

Lakini katika hesabu ya kipimo cha pili nimetumia sharti ambalo swali huwa halilitamki, nawe ulitamke: makosa ya kipimo cha pili yasitokane na chanzo kilekile cha makosa ya kwanza. Mrudie yule mtoto aliyetibiwa majuma mawili yaliyopita. Kipimo cha kwanza kilimsingizia kwa sababu protini ya HRP2 bado imo kwenye damu yake. Ukimpima kwa kipimo kingine kinachotafuta HRP2 hiyohiyo, hata kikiwa cha kiwanda kingine na chenye boksi la rangi nyingine, kitasema chanya tena, na ukimpima mara kumi utapata chanya kumi. Ile asilimia 99 ya spesifisiti haimhusu, kwa sababu ilipimwa kwa wazima kwa ujumla, naye yumo katika kundi ambalo makosa yake yana sababu maalumu. Kinachomfaa ni hadubini, au kipimo kinachotafuta kimeng'enya cha pLDH, ambacho hutoweka kwenye damu muda mfupi baada ya vimelea kufa. Kwa hiyo kabla ya kuzidisha asilimia za vipimo viwili, tazama kila kimoja kinatafuta nini kwenye damu. Vikitafuta kitu kimoja, usizidishe. Andika kwamba makosa yao hayajitegemei, na kwamba asilimia 90 tuliyopata ni kikomo cha juu ambacho kituo halisi hakitakifikia.